Shajara ya mradi: wiki 12 za ubavu wa tairi, dawa ya kung'arisha na vipande sita vya mpira

Swali la mradi ni moja: je, dawa ya kung'arisha tairi inaua mpira? Wapo wanaoapa kwamba inakausha na kupasua, na wapo wanaoipaka kila wiki wakisema inalisha mpira. Wote wanazungumzia chupa tofauti bila kujua, maana kinachoitwa dawa ya tairi ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo: dawa ya maji, ambayo silikoni yake imebebwa na maji, na dawa yenye kiyeyushi, ambayo silikoni yake imebebwa na kimiminika cha jamii ya petroli. Kwa hiyo tumegawa kazi. Matairi manne ya gari moja yanaoshwa na kupakwa kwa njia tofauti, tuone uchafu, rangi na mnyunyizo. Pembeni kuna vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tairi la kutupwa, ambavyo tunaweza kuvitesa tupendavyo.

Jambo la kusema mapema: matairi yaliyo kwenye gari hayataonyesha nyufa ndani ya wiki 12. Tairi zima huchukua miaka. Atakayekuonyesha tairi lililopasuka mwezi mmoja baada ya kupakwa dawa amekuonyesha tairi lililokuwa tayari limechoka. Ndiyo sababu ya vipande.

Siku ya 1: kukata vipande

Tairi la kukatwa lilitupwa kwa pancha kubwa kwenye kashata, lakini mbavu zake ni nzima na hazina ufa. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tumechagua tairi ambalo halijapita miaka mitano ili mpira uwe bado na akiba yake.

Kipande cha kwanza kiliharibika. Kisu kilichukua mpira pamoja na nyuzi za ndani, na kipande chenye nyuzi hakivutiki wala hakivimbi sawasawa, kinajikunja tu kama jani kavu. Mpira wa nje wa ubavu ni tabaka jembamba juu ya nyuzi, kwa hiyo kisu kilazwe na kumenya juu ya nyuzi kama mtu anayechuna ngozi. Maji yenye sabuni kwenye kisu yanasaidia sana. Bila hayo mpira unakibana kisu na mkono unateleza.

Tumepata vipande sita, kila kimoja urefu wa milimita 50, upana 20 na unene kama 3. Mizani ni ya sonara, inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na kila kipande kina takriban gramu 3.4. Namba imechorwa upande wa ndani, ule uliokuwa umegusa nyuzi, ili uso wa nje ubaki kama ulivyotoka kiwandani.

Kipande cha 1 hakiguswi.
Kipande cha 2 kitalowekwa kwenye mafuta ya taa saa 24.
Kipande cha 3 kitalowekwa kwenye mafuta ya silikoni matupu saa 24.
Kipande cha 4 kitalowekwa kwenye dawa ya tairi ya maji saa 24.
Kipande cha 5 kitafutwa kwa dawa ya tairi yenye kiyeyushi mara moja kwa wiki, bila kulowekwa.
Kipande cha 6 kitasuguliwa kila siku kwa burashi na sabuni kali, bila dawa yoyote.

Mafuta ya taa yamo kwa sababu mbili. Vichanganyio vya kienyeji vya kung'arisha tairi huwa na mafuta ya taa au dizeli ndani yake, na viyeyushi vya dawa nyingi za dukani zenye mng'ao wa kulowa ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa.

Siku ya 1, bado: mpira unajilinda vipi

Bila kuelewa hili, matokeo ya vipande hayatasema kitu. Mpira wa ubavu kwa kawaida ni mchanganyiko wa mpira wa asili na mpira wa butadieni. Aina zote mbili zina viungo katika minyororo yake ambavyo gesi ya ozoni inavikata. Ozoni imo hewani kila mahali kwa kiasi kidogo, na kiasi hicho kinatosha kuupasua mpira usio na kinga endapo umevutwa. Mpira uliolegea kabisa haupasuki. Ukivutwa, kila mnyororo unaokatwa unaachia mwanya, mwanya unafungua mpira mpya, na ozoni inaendelea kula kuelekea ndani.

Kiwanda kinaweka kinga tatu. Masizi meusi ndiyo yanayoupa mpira rangi yake, na hayo ndiyo yanayozuia mionzi ya jua. Kisha kuna nta, ambayo hupanda polepole hadi juu na kutandika utando mwembamba. Nta inalinda vizuri tairi lililosimama, ila likianza kuzunguka na kunepa, utando unakatika. Hapo ndipo inapoingia kemikali iitwayo 6PPD, ambayo nayo husafiri kutoka ndani hadi juu na kukutana na ozoni kabla ozoni haijafika kwenye mpira. Ikishatumika inageuka kahawia. Ile rangi ya kutu inayoonekana kwenye ubavu, ambayo watu huifukuza kwa burashi kama uchafu, sehemu kubwa ni 6PPD iliyokwisha kufanya kazi yake.

Nta na 6PPD zinaweza kusafiri ndani ya mpira kwa sababu hazikufungwa kwenye minyororo. Kwa sababu hiyohiyo zinaweza kufyonzwa na kuondoka. Hapo ndipo tunapotaka kuitazama dawa.

Siku ya 2: vipande vimetolewa kwenye mitungi

Kipande cha 2, cha mafuta ya taa, kimekuwa kitu kingine. Urefu umetoka milimita 50 hadi 59, uzito kutoka gramu 3.4 hadi 4.9. Kingo zimepinda na ukikibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Mafuta yaliyobaki mtungini, yaliyokuwa meupe kama maji, yamekuwa na rangi ya chai ya rangi. Rangi hiyo ni mafuta ya mpira na kinga zake vikiwa vimetoka nje.

Kipande cha 3, cha silikoni, kina uzito uleule wa gramu 3.4 baada ya kufutwa. Kinang'aa, kinateleza, basi. Silikoni na mpira wa aina hii havipatani, kwa hiyo haiingii ndani wala haitoi kitu. Kipande cha 4, cha dawa ya maji, nacho hakikubadilika kwa kiwango ambacho mizani hii inaweza kuona.

Hapa inafaa kuwatendea haki wauzaji: hakuna anayeloweka tairi kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Kupaka ubavu kwa sponji kunaacha utando unaokauka ndani ya saa chache, na kiyeyushi hakipati muda wa kufika ndani. Mtungi unatuonyesha uelekeo wa madhara, hautuonyeshi kasi yake. Kipande cha 5 ndicho kitakachotuambia kuhusu kasi.

Vipande vya 2, 3 na 4 vimetundikwa kwenye uzi vikauke hadi wiki ya 5.

Siku ya 3: kuvua matairi manne

Matairi ya gari yalikuwa na tabaka za dawa za zamani. Huwezi kulinganisha dawa ikiwa chini yake kuna dawa nyingine, kwa hiyo yote yamesafishwa hadi mpira mtupu.

Sabuni iliyotumika ni ya kusafishia kazi zote, yenye alikali, mililita 90 ndani ya mililita 900 za maji, yaani moja kwa kumi. Burashi ni ya nailoni ya ugumu wa kati. Burashi ya waya haina nafasi kwenye tairi, inakwangua uso na kuacha mikwaruzo ambayo nyufa huanzia. Utaratibu: tairi lipoe kwanza na liwe kivulini, limwagiwe maji, linyunyiziwe sabuni, lisubiri nusu dakika bila kukauka, kisha lisuguliwe robo kwa robo kwa mizunguko midogo, hasa kwenye maandishi na kwenye mfereji ulio karibu na rimu.

Povu ndilo kipimo. Mzunguko wa kwanza lilitoka la kahawia nzito. Mzunguko wa pili, kahawia hafifu. Tairi tatu zilitoa povu jeupe kwenye mzunguko wa tatu. Ya nne, nyuma kulia, ilitudanganya: povu lilikuwa jeupe, lakini baada ya kukauka nusu saa mabaka ya kahawia yakarudi karibu na bega la tairi. Kilichotokea ni kwamba burashi ilikuwa imejaa dawa ya zamani na ilikuwa ikiirudisha. Burashi ikaoshwa kwa sabuni ileile, tairi likasuguliwa mara ya nne, kisha kitambaa cheupe kikavu kikapitishwa juu yake. Kikatoka na kijivu kidogo tu. Kitambaa ndicho cha kuaminiwa kuliko povu, maana povu linaonyesha kilichong'oka na kitambaa kinaonyesha kilichobaki.

Mpira mtupu unaonekana mweusi uliopauka, bila mng'ao. Watu wengi wakifika hapo hudhani wameuharibu. Ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Wiki ya 1: kupaka

Mbele kushoto: sabuni laini na maji tu, kila wiki.
Mbele kulia: dawa ya maji, kila baada ya wiki mbili.
Nyuma kushoto: dawa yenye kiyeyushi, kila wiki.
Nyuma kulia: dawa ya maji, lakini inapakwa juu ya vumbi bila kuosha, kama inavyofanywa na mwenye haraka.

Mpangilio huu una kasoro. Matairi ya mbele hupata vumbi la breki zaidi, na upande mmoja wa gari huegeshwa kwenye jua kuliko mwingine. Tofauti ndogo kati ya matairi hatutaihesabu.

Namna ya kujua uliyoshika ni dawa ipi: lebo mara nyingi haisemi waziwazi, bali huandika maneno ya sifa. Angalia kama kuna alama ya mwali wa moto ndani ya mraba uliosimama kwa pembe, wenye kingo nyekundu. Hiyo ni ya vitu vinavyowaka, na dawa ya maji kwa kawaida haiwi nayo. Kisha tia matone matatu kwenye glasi ya maji na utikise. Dawa ya maji inachanganyika na kuyafanya maji kuwa meupe kama maziwa. Yenye kiyeyushi inaelea juu, inatengeneza ngozi ya mafuta yenye rangi za upinde wa mvua, na pua itamalizia kazi. Kopo la kupuliza ambalo halihitaji kufutwa na linaacha tairi limelowa na kung'aa karibu kila mara ni la aina hii ya pili.

Kiasi kilichotumika ni kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwa kila ubavu. Kinawekwa kwenye sponji, hakinyunyiziwi kwenye tairi. Ukinyunyizia, sehemu inatua kwenye rimu na diski ya breki, na diski yenye silikoni ni hatari, si suala la usafi tena. Kashata haiguswi kamwe kwa sababu hiyohiyo ya utelezi. Kwa pikipiki tusingepaka kabisa, kwani pikipiki ikilala kwenye kona, sehemu inayokaribia ubavu ndiyo inayoshika barabara.

Baada ya dakika 20 ubavu unafutwa kwa kitambaa kikavu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi kuliko zote.

Wiki ya 2: madoa kwenye bodi

Nyuma ya gurudumu la nyuma kushoto kuna mstari wa vitone vyeusi kwenye rangi ya gari, vimepangika kama vilivyorushwa na kidole chenye wino. Gurudumu lingine halina. Safari hii tairi hilo lilipakwa na gari likaondoka baada ya dakika tano tu, bila kufutwa.

Tairi likizunguka linatupa nje kila kilicholegea. Silikoni haikauki kama rangi. Kinachokauka ni kiyeyushi au maji, na silikoni iliyobaki juu ya kile ambacho uso unaweza kushika hukaa pale kama mafuta. Dakika 20 zinaruhusu kibebeo kiondoke, kitambaa kinaondoa ziada. Jaribio la kidole: gusa ubavu kwa kidole kikavu, kisha gusa karatasi nyeupe. Karatasi ikipata doa, bado kuna cha kurushwa.

Vitone vimetoka kwa maji na sabuni ya gari. Vingeachwa wiki kadhaa vingehitaji kiyeyushi, na hapo rangi ndiyo ingeumia.

Wiki ya 3

Hakuna la maana. Kipande cha 6 kinasuguliwa kila siku na bado kinatoa kijivu.

Wiki ya 5: vipande vinakunjwa

Kipande cha 2 kimekauka. Harufu ya mafuta ya taa iliisha wiki iliyopita. Urefu umerudi karibu milimita 50, kwa macho kinafanana na vingine, labda kimepauka zaidi. Lakini mizani inasoma gramu 3.2. Kiliingia na gramu 3.4. Sehemu mbili za kumi hazikurudi, na ndizo tulizoziona mtungini zikiwa rangi ya chai. Hapa ndipo watu wanapodanganyika: mpira ukishakauka unarudi umbo lake, na macho yanasema hakuna kilichotokea.

Sasa vipande vyote sita vimekunjwa juu ya kijiti cha mbao cha kipenyo cha milimita 10, uso wa nje ukiangalia nje, na ncha zimefungwa kwa waya. Kwa unene wa milimita 3, uso wa nje unavutika karibu robo ya urefu wake. Ni mvuto mkubwa kuliko ule ambao ubavu wa tairi lenye upepo wa kutosha hukutana nao likiwa limesimama, na ndiyo makusudi yake.

Vijiti vimetundikwa mahali penye hewa lakini pasipo jua wala mvua. Hili tulilibishania. Kauli inayosikika sana ni kwamba jua ndilo linalopasua tairi. Jua lina lawama yake, hasa kwa joto, lakini tukiweka vipande juani tutashindwa kujua ni nani aliyepasua. Kivulini anabaki mshitakiwa mmoja, ozoni.

Wiki ya 6: mashine ya presha

Nje ya mpango, lakini limejitokeza na lina uzito kuliko dawa. Tairi la nyuma kulia, lile linalopakwa juu ya vumbi, limekuwa na ganda la tope la kahawia kwenye maandishi, na kishawishi kilikuwa kulisogelea kwa mashine ya presha. Maelekezo ya watengenezaji wa mashine hizo hutaka pua ya mashine isiwe karibu kuliko sentimita 30 na tairi au valvu, na yanaeleza dalili ya kwanza ya madhara: mpira kubadilika rangi. Mkondo mwembamba wa karibu unaweza kukata mpira au kudhoofisha nyuzi za ndani, na tairi la namna hiyo linaweza kupasuka baadaye likiwa mwendoni, siku ambayo hakuna anayekumbuka kuoshwa kwake.

Kwa hiyo: mkondo wa feni, sentimita 30 au zaidi, mkono usisimame mahali pamoja. Pua inayozunguka isielekezwe kwenye tairi kabisa. Ganda la tope linatoka kwa sabuni na dakika moja ya subira.

Wiki ya 7: ufa wa kwanza

Kipande cha 2. Siku ya 16 tangu kukunjwa, kwa kioo cha kukuzia mara 10, kwenye kilele cha mkunjo kuna mistari mifupi sita au saba, kila mmoja mfupi kuliko milimita moja, yote ikilala kukata njia ya mvuto. Kipande kimevutwa kwa urefu, nyufa zimelala kwa upana. Huo ndio mwandiko wa ozoni. Mkwaruzo wa kisu au jiwe unaelekea popote, lakini nyufa za ozoni zinajipanga mkabala na mvuto kama ngazi. Pembeni, ambako mpira haukuvutwa, hakuna kitu, ingawa ni kipande kilekile kilicholowekwa mafuta yaleyale.

Kipande cha 1, 3 na 4 ni safi. Cha 5 ni safi. Cha 6, cha kusuguliwa kila siku, ni safi lakini kina jambo: vya 1, 3 na 4 vina ukungu hafifu wa kijivu unaotoka ukipitisha kidole, yaani nta imepanda. Cha 6 hakina. Kila nta inapopanda, burashi inaichukua.

Wiki ya 9: matairi

Nyuma kushoto, la kiyeyushi kila wiki, ndilo linalong'aa kuliko yote siku ya kwanza na kupauka kuliko yote siku ya tano. Kila linapooshwa povu lake ni la kahawia kuliko la tairi lililooshwa kwa sabuni tu. Si uchafu wa barabarani, kwa kuwa barabara ni moja. Kiyeyushi kinavuta kinga hadi juu na kuziacha hapo kikishapaa, kisha sabuni inazichukua. Mmiliki anaona ukahawia, anapaka tena kuuficha, na mzunguko unaendelea. Mtu akisema tairi lake limezoea dawa na sasa linapauka bila hiyo, huo ndio mchakato anaoueleza.

Nyuma kulia, dawa ya maji juu ya vumbi: mpira wenyewe hauna dalili mbaya, ila dawa na vumbi vimekuwa gundi. Ubaya wake ni kwamba ubavu haukaguliki. Chini ya ganda lile huwezi kuona ufa wala mkato.

Mbele kulia, dawa ya maji juu ya mpira safi na kufutwa: weusi usio na mng'ao mkali, unaodumu kama siku kumi. Mbele kushoto, sabuni tu: mweusi uliopauka, kahawia kidogo karibu na bega, hakuna zaidi.

Wiki ya 12: usomaji wa mwisho wa awamu hii

Kipande cha 2: nyufa zimeungana, sasa zinaonekana kwa macho matupu na ukucha unanasa. Kimechukua wiki saba kivulini.

Kipande cha 5, kilichofutwa kwa dawa yenye kiyeyushi kila wiki: kwa kioo kuna mistari miwili mifupi sana kwenye kilele. Huenda mwingine angeiita mikwaruzo, lakini imelala mkabala na mvuto na haikuwepo wiki ya 7. Tunaiandika kama mwanzo wa ufa, kwa tahadhari, kwani ni kipande kimoja tu.

Kipande cha 6: uso umepauka na hauna nta, hakuna ufa.

Vya 1, 3 na 4: hakuna ufa.

Tunavyosoma haya ni kwamba silikoni imebebeshwa lawama isiyo yake. Chenye madhara ni kiyeyushi cha jamii ya petroli kinachoibeba, na madhara yake ni ya kujilimbikiza: mara moja hayahesabiki, kila wiki kwa miaka yanahesabika. Mchanganyiko wa mafuta ya taa au dizeli ni mbaya kuliko dawa yoyote ya dukani kwa sababu hukaa juu ya mpira muda mrefu kabla ya kupaa. Dawa ya maji haikudhuru, lakini pia haikulinda kitu ambacho tungeweza kukipima. Maneno "inalisha mpira" hayana maana, mpira uliokwishapikwa kiwandani haulishwi kwa sponji.

Utaratibu uliobaki kwenye gari, kwa matairi yote manne: sabuni laini ya gari na sponji kila wiki au kila gari linapooshwa. Burashi na sabuni ya alikali ya moja kwa kumi mara moja kwa mwezi au miwili, si zaidi, na ukahawia hafifu unaachwa ulivyo. Dawa ya maji kwa anayependa weusi, mililita 5, juu ya ubavu safi na mkavu, dakika 20, kufuta. Gari linalokwenda kusimama miezi halipakwi kitu. Linaoshwa, linaachwa likauke na nta ipande yenyewe, na lisiegeshwe karibu na mashine ya kuchomelea au mota za umeme zinazotoa cheche, maana hizo zinatengeneza ozoni papo hapo.

Upepo unapimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Ubavu wa tairi lenye upepo pungufu unanepa zaidi kila mzunguko, na tumeona kwenye vipande kwamba bila mvuto ozoni haina pa kushika. Kipimo cha upepo kinafanya kwa ubavu kazi ambayo hakuna chupa inayoifanya.

Ukaguzi: kioo au tochi ya kumulika kwa pembeni, ubavu ukiwa safi na bila dawa, pande zote mbili pamoja na ule wa ndani ambao haupakwi wala hauonekani. Mistari myembamba kama nywele ambayo ukucha haunasi inaandikwa tarehe na kuangaliwa tena. Ufa ambao ukucha unanasa unapelekwa kwa fundi wa matairi. Ufa unaoonyesha nyuzi, au uvimbe wowote kwenye ubavu, tairi linatoka siku hiyohiyo, maana uvimbe ni nyuzi zilizokwisha kukatika ndani.

Dawa iliyobaki ya kiyeyushi imeandikwa "si ya tairi" na kuwekwa kando. Vipande vya 1, 3, 4, 5 na 6 vinabaki kwenye vijiti, na vitatu vipya vimeongezwa: viwili vya kufutwa kwa kiyeyushi kila wiki ili kuona kama mistari ya kipande cha 5 inajirudia, na kimoja cha kufutwa kwa maji matupu kwa idadi ileile ya mipapaso. Usomaji unaofuata ni wiki ya 20.